Irabu Moja Baina ya Naitreti na Naitraiti

Maneno mengi ya kigeni yaliyoingia katika Kiswahili yana tahajia mbili au tatu, na msomaji hapati hasara kwa hayo. Mmoja huandika nitrojeni, mwingine naitrojeni. Mmoja oksijeni, mwingine oksijini. Na wote wafahamiana. Hali hii imewazoeza waandishi kudhani kwamba irabu katika neno la sayansi ni jambo la mazoea tu. Lakini yapo majina ya kemia ambayo irabu zake hazikutokea kwa bahati. Ziliwekwa makusudi ili zichukue maana, na mwenye kuibadili irabu amekibadili kitu chenyewe. Mfano ulio wazi ni naitreti na naitraiti, na historia yake yaanza Paris mwaka 1787.

Kabla ya mwaka huo vitu vya kemia viliitwa kwa rangi zake, kwa mahali vilikotoka, au kwa jina la mtu aliyevigundua. Chumvi moja yaweza kuwa na majina matano, na jina lisiseme lolote juu ya kilichomo ndani yake. Ndipo Guyton de Morveau, Lavoisier, Berthollet na Fourcroy walipotoa kitabu chao cha kuyapanga majina upya. Kanuni yao ilikuwa kwamba jina litaje asili ya kitu, na mwisho wa jina uonyeshe kadiri ya oksijeni. Chumvi itokanayo na asidi yenye oksijeni zaidi ilipewa mwisho wenye irabu a; ile itokanayo na asidi yenye oksijeni pungufu ilipewa mwisho wenye irabu i. Herufi nyingine zote zilibaki vile vile. Kwa hiyo mabwana hao waliitwika irabu moja mzigo ambao katika maneno ya kawaida huchukuliwa na neno zima.

Kanuni hiyo ilipopita katika Kiingereza haikubadilika katika maandishi, ila matamshi yalibadilika: a ikasikika kama ei, na i ikasikika kama ai. Kwa njia hiyo Kiswahili kikapata naitreti na naitraiti. Ya kwanza, ikiwa ni ya sodiamu, ina fomula NaNO3. Ya pili ni NaNO2. Tofauti ni chembe moja tu ya oksijeni. Naitreti ya potasiamu ni ile shura iliyojulikana tangu zamani katika kutengeneza baruti na kuhifadhi nyama. Mwaka 1891 Mjerumani Eduard Polenske alionyesha kwamba naitreti iliyotiwa katika maji ya chumvi ya kuhifadhia nyama hugeuka kuwa naitraiti. Baadaye watu wa nyama wakaanza kuitumia naitraiti moja kwa moja, kwa kipimo kidogo sana. Ndipo vitu viwili vyeupe, vyenye sura ya chumvi ya kula na majina ya karibu mno, vikaingia katika jiko moja.

Madhara yake yalionekana New York mwezi Septemba 1944. Wanaume kumi na mmoja walifikishwa hospitali wakiwa na midomo, masikio na vidole vya rangi ya buluu. Kwanza ilidhaniwa kwamba wamevuta gesi ya kaboni monoksaidi. Dalili hazikulingana na gesi hiyo, na maofisa wa afya wa mji huo, Morris Greenberg na Ottavio Pellitteri, walipowahoji wagonjwa waliona kwamba wote walikula uji wa oti katika mkahawa mmoja. Jikoni ikagunduliwa kwamba mpishi alitia katika uji, mahali pa chumvi, unga mwingine mweupe uliodhaniwa kuwa shura. Uchunguzi wa maabara ulionyesha kwamba haukuwa naitreti, ulikuwa naitraiti.

Irabu hiyo ndiyo iliyoeleza ugonjwa. Naitraiti huigeuza hemoglobini ya damu kuwa methemoglobini, isiyoweza kuchukua oksijeni. Damu huwa ya kahawia, na ngozi huonekana buluu. Naitreti hailifanyi jambo hilo mpaka igeuzwe kwanza na vijidudu, na kwa hiyo nguvu yake ni ndogo zaidi. Hata hivyo watu wengi waliokula uji ule hawakuugua. Sababu ikaonekana katika kichupa kimoja cha chumvi mezani, ambamo naitraiti ilikuwa imetiwa pia: walioongeza chumvi kutoka hapo ndio waliopata kiasi cha kuwadhuru. Mmoja katika wale kumi na mmoja alifariki.

Sasa yafaa kuitazama tahajia ya Kiswahili. Anayefuata matamshi ya Kiingereza huandika naitreti na naitraiti. Anayefuata maandishi huandika nitrati na nitriti. Njia zote mbili zinayatenga majina haya vizuri, mradi mwandishi ashike moja hata mwisho. Hatari imo katika kuzichanganya. Mtu akiandika “naitriti”, msomaji hawezi kujua kama ni nitriti iliyoanzwa kwa matamshi ya Kiingereza, au ni naitreti iliyosikiwa vibaya. Neno hilo halina budi kurudishwa kwa aliyeliandika, wala lisisahihishwe kwa kukisia. Katika hati za Kiarabu, kama zilivyotumiwa zamani kuandika Kiswahili, taabu ingekuwa kubwa zaidi, kwa kuwa kasra moja ilisimama mahali pa e na i pia.

Kwa sababu hiyo mhakiki hasimami kwenye jina peke yake. Shahidi wa kwanza ni fomula pamoja na uzito wake. Sodiamu ni 23, nitrojeni 14, na kila oksijeni 16. Basi NaNO3 huleta 85, na NaNO2 huleta 69. Fomula ikisema 2 na uzito ukasema 85, pana kosa.

Shahidi wa pili ni namba ya usajili wa kemikali iitwayo CAS, iliyoanzishwa mwaka 1965. Naitreti ya sodiamu ni 7631-99-4, na naitraiti ya sodiamu ni 7632-00-0. Tarakimu ya mwisho ni ya kukagulia. Katika namba ya kwanza tarakimu nyingine huhesabiwa kutoka kulia: 9 mara 1, 9 mara 2, 1 mara 3, 3 mara 4, 6 mara 5, 7 mara 6. Jumla ni 114, nayo yaishia 4, sawa na tarakimu ya mwisho. Hesabu hii hufichua tarakimu mbili jirani, kabla ya ile ya mwisho, zilizobadilishana nafasi, lakini haifichui kila kosa: 6 ile inayozidishwa kwa 5 ikiandikwa 8, jumla huongezeka 10, na mwisho haubadiliki.

Jina, fomula na namba vikikubaliana, maandishi yamehakikiwa; kilichomo mkebeni bado. Hicho hupimwa kwa asidi hafifu: naitraiti hutoa moshi wa kahawia, naitreti haitoi. Kule New York ni kitu chenyewe kilichopimwa, na hapo ndipo jina lilipojulikana kuwa si lake.