Wimbo wa majibu: upande wa aliyeachwa tusiousikia

Stori ya kuachana mara nyingi tunaisikia kwa mtu mmoja tu: yule aliyewahi kushika maiki. Wimbo wa majibu ni pale upande wa pili unapojibu, mara nyingi kwa melodi ileile.

Mfano mzuri ni wa Jim Reeves, yule ambaye wazee wengi hapa Afrika Mashariki wanamjua. Mwaka 1959 alirekodi He'll Have to Go. Jamaa yuko baa, anampigia simu mpenzi wake na kumwomba amwambie mwanaume aliye naye aondoke. Mwaka 1960 wimbo ulifika namba 2 kwenye chati kuu ya Marekani. Lakini msikilizaji hamsikii mwanamke hata kidogo. Unabaki unamhurumia jamaa.

Mwaka huohuo Jeanne Black akatoa He'll Have to Stay, ukafika namba 4. Safari hii anayeongea ni mwanamke, kwenye simu ileile. Kumbe jamaa alimwahidi wakutane, hakutokea, na haikuwa mara ya kwanza kumuumiza. Amepata mwingine, na huyo habanduki.

Angalia ujanja uliotumika. Muziki wa baa, ambao kwa Reeves ulionyesha upweke wa jamaa, kwa Black unakuwa ushahidi: yuko starehe na mwingine. Hakuna tukio lililokanushwa. Kilichoongezwa ni kile kilichotokea kabla ya simu kupigwa.

Tuilete Mtwara. Chukua stori tunayoijua: kijana wa Msimbati anaenda Dar kutafuta maisha, anarudi anakuta mchumba kaolewa, anaimba kwamba kasalitiwa kwa sababu ya pesa. Dada akijibu kwa kumtukana, huo unakuwa mpasho tu, na stori ya jamaa inabaki kama ilivyo. Jibu lenye nguvu linakubali kwamba ndiyo, kaolewa, halafu linarudi nyuma: jamaa alisema atarudi korosho zikiuzwa, misimu miwili ikapita, simu hapokei. Hapo msikilizaji anaanza kujiuliza nani hasa alimwacha mwenzake.

Udhaifu wake ni kwamba jibu linategemea wimbo wa kwanza. Asiyeujua ule wa Reeves ataupenda wa Black, ila hatashtuka aliposhtuka mwingine. Ndiyo maana jibu hutoka mapema, wimbo wa kwanza ukiwa bado masikioni mwa watu.

Na kama unataka kujaribu, kumbuka melodi ina mwenyewe. Waliotunga wimbo wa Reeves, Joe na Audrey Allison, wametajwa pia kama watunzi kwenye ule wa Black. Kwa Tanzania, ruhusa ya mwenye kazi inatakiwa chini ya sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, na pa kuulizia ni COSOTA.