Mugala Hana Nafasi Kitabuni

Waorma wanaolisha ng'ombe kando ya Mto Tana, karibu na Garsen, zamani waliitwa Wagala na majirani zao wa pwani. Jina hilo hawalipendi. Hata hivyo, kusini, kwa Wadigo na Waduruma, limebaki kuwa jina la pepo: mugala, mmoja katika orodha ndefu ya pepo wanaopangwa kwa makabila, akiwemo Mwarabu na Mmasai.

Kumtambua pepo ni kazi yenye hatua zake. Mgonjwa hukalishwa, na ngoma za kila kabila la pepo hupigwa kwa zamu. Ngoma ya Mwarabu ikipita naye katulia, na ya mugala ikamwinua akacheza, mganga ameshapata jibu. Kisha pepo huulizwa anataka nini.

Wataalamu wa Ulaya na Marekani walipokutana na hali kama hiyo, walishindwa kuipatia fungu moja. Mwaka 1957 mwanaanthropolojia Grace Harris aliandika juu ya saka huko Taita, ambako wake za watu walishikwa na mtukutiko kwa kuona kiberiti kikiwashwa au kusikia mlio wa gari. Harris alitumia neno histeria. Mwaka 1980 mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, DSM, ulilifuta neno hilo na kuligawa fungu lake vipande vipande. Toleo la 1994 likaleta, nyuma ya kitabu, faharasa ya maradhi ya kiutamaduni. Zar ya Ethiopia na Somalia imo. Saka haimo, wala mugala. Mwaka 2013 faharasa hiyo ikapunguzwa sana. Wanawake wa Taita hawakubadilika; kilichobadilika ni kitabu.

Wala shida haiko kwa pepo tu. Katika majaribio ya toleo hilo la 2013, matabibu wawili walimpima mgonjwa yuleyule, kila mmoja peke yake. Kipimo cha makubaliano yao huanzia 0, yaani bahati nasibu, hadi 1. Kwa sonona kubwa, ugonjwa unaotajwa kila siku, walipata 0.28 tu.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika mwaka 2022 unakubali kwamba kupandwa na pepo kunaweza kuwa ugonjwa, ila kuwe bila hiari, kumsumbue mtu, na kuwe nje ya desturi inayokubalika kwao. Kigezo cha mwisho ndicho kizito. Tabibu aliyehamishiwa Garsen kutoka bara, akiletewa mama anayetetemeka, hawezi kukijibu kwa kumpima presha. Itabidi awaulize jamaa: je, hali hii huja ngomani tu, na ngoma ikiisha huondoka? Au humwangusha hata akiwa mtoni kuteka maji, peke yake, siku ambayo hakuna aliyempungia? Tena Mpokomo, Muorma na Mwardei, wote wagonjwa wake, huenda wasikubaliane ni desturi ipi inayokubalika.