Uchelewaji wa Mawimbi: Simu ya Satelaiti na Simu ya Mwezini

Muda unaopita tangu ishara itoke kwa mpelekaji hadi imfikie mpokeaji huitwa uchelewaji. Wapo wanaoandika ucheleweshaji, nao wana sababu, kwa kuwa ishara iliyokwama foleni ndani ya mtambo kweli imecheleweshwa. Lakini wimbi la redio linalopita angani halizuiwi na mtu. Linakwenda kwa kasi ya mwanga, takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, na likichelewa ni kwa sababu ya urefu wa njia peke yake. Kwa hiyo naona vizuri tuyatumie maneno yote mawili, kila moja mahali pake: uchelewaji uwe wa umbali, ucheleweshaji uwe wa mitambo.

Tuanze na umbali. Kabla mkongo wa SEACOM haujafika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, simu nyingi za kwenda Ulaya zilipitia satelaiti. Satelaiti hizo hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Katika kimo hicho huzunguka sambamba na dunia, hivyo dishi likishaelekezwa halihitaji kuifuata satelaiti angani. Sasa mtu wa Nairobi anampigia ndugu yake aliyeko London. Sauti inapanda kwenye satelaiti, kisha inashuka Uingereza: si chini ya kilomita 71,500. Gawanya kwa 300,000 upate sekunde 0.24. Vituo vya ardhini haviko chini kabisa ya satelaiti, njia inakwenda mshazari, kwa hiyo muda halisi unazidi hapo kidogo.

Robo sekunde inaonekana ndogo. Ila aliyeko Nairobi haisikii hiyo robo. Anachosikia ni ukimya kati ya swali lake na jibu, na ukimya huo una safari mbili, ya swali na ya jibu. Yaani nusu sekunde, hata kama ndugu yake amejibu papo hapo. Katika mazungumzo ya ana kwa ana watu hupokezana maneno kwa haraka zaidi ya hapo, hivyo anadhani hakusikika, anarudia swali, na wakati huohuo jibu linaingia. Sauti zinagongana, na kila mmoja anamwona mwenzake kuwa ndiye anayemkatiza. Mapendekezo ya kimataifa ya simu husema uchelewaji wa upande mmoja ukiwa chini ya milisekunde 150, hautawasumbua watu wengi. Satelaiti ya kimo kile haiwezi kufikia kiwango hicho kamwe, na kununua kifurushi kikubwa zaidi hakupunguzi hata kilomita moja.

Mwezi uko mbali zaidi, wastani wa kilomita 384,400. Kwenda ni sekunde 1.28, kwenda na kurudi zaidi kidogo ya sekunde mbili na nusu. Sikiliza kanda za Apollo 11 za Julai 1969 zilizorekodiwa duniani. Houston wakiuliza, Armstrong hawezi kusikika akijibu kabla ya muda huo kupita. Armstrong akimaliza kusema, Houston wanaweza kumjibu bila pengo lolote. Si kwamba wanaanga walikuwa wazito wa kujibu. Kinasa sauti kilikuwa upande wa dunia. Kingekuwa mwezini, pengo lingehamia upande wa pili. Mahali pengine sauti ya Houston yenyewe inasikika ikirudi kama mwangwi, kwa kuwa ilivuja kutoka kwenye spika za masikioni mwa mwanaanga ikaingia katika maikrofoni yake.

Leo mazungumzo mengi yanapita baharini. Mkongo wa TEAMS, kutoka Mombasa hadi Fujairah, una urefu wa takriban kilomita 5,000. Ndani ya nyuzi za kioo mwanga hupungua kasi hadi kama kilomita 200,000 kwa sekunde, na bado safari ni milisekunde 25 tu. Basi kwa nini simu ya video kati ya Mombasa na nchi za Ghuba huchelewa? Hapa ndipo ucheleweshaji unapoingia. Picha hubanwa kabla ya kutumwa. Sauti hukatwa vipande na kufungwa katika pakiti. Pakiti hupanga foleni kwenye mitambo ya njiani. Simu inayopokea nayo huweka akiba ndogo kabla ya kucheza sauti, ili pakiti iliyochelewa isiache pengo. Mtandao ukiyumba akiba hiyo huongezwa, na mazungumzo yanazidi kuwa mazito.

Kuzitenganisha sababu hizi mbili kunawezekana kwa amri ya `ping`, ambayo hupima kwenda na kurudi. Iache itume mara nyingi kwenda kompyuta moja, uangalie namba za `time`. Zikiganda karibu na milisekunde 550 au 600, pengine unapita kwenye satelaiti ya mbali, na kubadili simu hakutasaidia. Zikiruka kutoka 40 hadi 400 na kurudi, njia yenyewe ni fupi ila kuna foleni mahali, mara nyingi kwenye Wai-Fai ya nyumbani ambako mwingine anapakua filamu. Hiyo inatibika.