Ufikivu wa huduma za kaunti nchini Kenya

Ufikivu ni hali ya jengo, taarifa au utaratibu wa ofisi kutumika na mtu mwenye ulemavu bila kumtegemea mwingine. Nchini Kenya msingi wake ni kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010, kinachompa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pa umma, kupata taarifa, na kutumia lugha ya ishara, breli au njia nyingine ya mawasiliano inayomfaa. Serikali za kaunti zinafungwa na kifungu hicho sawasawa na wizara.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, unatenganisha wajibu wa aina mbili. Ufikivu hutayarishwa mapema, hata kama hajatokea mtu wa kuuomba. Marekebisho stahiki hufanyiwa mtu mmoja kulingana na hali yake, pale anapoyahitaji. Kwa hiyo ofisi haiwezi kujitetea kwamba hakuna mteja wa kiti cha magurudumu aliyewahi kufika, kwani huenda ngazi za mlangoni ndizo zilizomzuia.

Katika majengo, kosa la kawaida ni njia ya mteremko iliyo fupi mno. Kipimo kinachotumiwa sana ni 1 kwa 12, yaani kila sentimita moja ya kimo inahitaji sentimita 12 za urefu. Mlango wenye ngazi tatu za sentimita 15 kila moja una kimo cha sentimita 45, hivyo mteremko wake unapaswa kuwa na urefu wa mita 5.4. Fundi aliyepewa uwanja wa mita mbili humwaga zege katika mita hizo hizo mbili. Kinachopatikana ni mwinuko mkali ambao mtu hawezi kuupanda kwa nguvu za mikono yake, na akiushuka kiti kinaweza kupinduka. Uwanja ukiwa mdogo, njia hukunjwa mara mbili, na penye kona huwekwa sehemu tambarare ya kugeuzia kiti, yenye upana wa mita 1.5 hivi. Anayekagua hahitaji zaidi ya futi ya kupimia.

Taarifa huzuiwa kwa namna isiyoonekana upesi. Makadirio ya bajeti yanapochapishwa, yakatiwa mihuri, kisha yakapigwa picha na kuwekwa mtandaoni, faili hilo huwa picha tupu. Programu ya kusoma skrini kwa sauti haipati humo hata neno moja. Kulipima ni rahisi: mtu ajaribu kuchagua sentensi moja kwa kishale, na herufi zikikataa kuchaguliwa, asiyeona hana taarifa. Dawa yake haina gharama kubwa, kwa kuwa waraka asilia uliochapwa kwenye kompyuta kwa kawaida bado upo ofisini na unaweza kutolewa pamoja na ule wenye mihuri.

Maombi na malalamiko ndipo haki inapopotea kimyakimya zaidi. Namba ya simu pekee humfungia nje kiziwi, na fomu ya karatasi pekee humfungia nje asiyeona. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inamtaka afisa wa habari amsaidie mtu asiyeweza kuandika kwa sababu ya ulemavu au kutojua kusoma. Ombi likitolewa kwa mdomo, afisa huliandika na kumpa mwombaji nakala.

Tuseme mfanyabiashara asiyeona anataka kujua jinsi vibanda vya soko vilivyogawanywa. Afisa akimsikiliza, akamwahidi kufuatilia, asiandike kitu, hakuna ombi linaloweza kuthibitishwa, na siku za kujibu hazina pa kuanzia. Ndiyo maana nakala ile, yenye tarehe ya kupokewa, ina uzito kuliko ukarimu wote wa mezani. Ombi likishapokewa, ofisi ina siku 21 za kutoa uamuzi, nazo zinaweza kuongezwa mara moja tu, kwa siku zisizozidi 14. Kuomba hakulipiwi, kinachoweza kutozwa ni gharama halisi ya nakala. Akinyimwa, ana siku 30 tangu kuarifiwa uamuzi kuomba mapitio katika Tume ya Utekelezaji wa Haki, inayojulikana zaidi kama Ombudsmani.

Tume hiyo hupokea pia malalamiko ya huduma mbovu, kwa maandishi au kwa mdomo. Kwa kiziwi, mdomo hapa una maana ya mkalimani wa lugha ya ishara. Kumtumia mtoto au jirani yake hakutoshi, hasa pale lalamiko linapohusu matibabu au unyanyasaji, mambo ambayo mlalamikaji huenda asiyataje mbele ya mtu wa karibu naye.