Usimwambie Daktari "Tumbo Inauma" Kama Shida Iko Huko Chini

Cheki hii story. Abdi (si jina ya mtu wa ukweli, ni mfano tu) ni kijana wa miaka 17, anaishi Bula Iftin hapa Garissa. Saa tisa usiku anaamshwa na uchungu mbaya kwa kende ya kushoto. Anatapika. Abti yake anamkimbiza hospitali. Daktari ametoka Machakos na Kisomali hajui, so abti ndiye anatafsiri.

Sasa Abdi atataja kende mbele ya abti yake aje? Anasema tu caloosha. Abti anatafsiri, "Tumbo inamuuma na anatapika." Daktari anapapasa tumbo, anaandika dawa ya asidi na ya maumivu, wanarudi home.

Noma ni kwamba kende ilikuwa imejipinda ndani ya mfuko wake, na damu haifiki. Ikijipinda hivyo, kuna kama masaa 6 hivi ya kuifungua kwa operesheni. Ukichelewa zaidi, chance ya kuiokoa inashuka mbaya. Na huu uchungu hupanda mpaka tumbo na kuleta kutapika, ndio maana "tumbo" ilisound poa kwa kila mtu mle ndani.

Abdi angehitaji sentensi moja tu: "Kende ya kushoto imeanza kuuma ghafla saa tisa, na nimetapika." Upande gani, imeanza saa ngapi, na imeanza aje. Daktari akisikia hiyo, anajua ni emergensi na pa kuangalia.

Maneno yako ndio vipimo

Kitu wasee wengi hawajui: kliniki nyingi Kenya hutibu magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili, bila kungoja maabara. Mwanaume akisema anatoa usaha kwa uume, anapewa dawa ya kisonono na ya klamidia pamoja. Akisema ako na kidonda, anapewa dawa zingine kabisa. So neno likipotea njiani, dawa nayo inapotea.

Neno lenye huchanganya sana ni "inawasha". Kwa Kisomali, cuncun na gubasho ni vitu viwili tofauti. Kwa Kiswahili, "inawasha" inaweza kuwa ile unataka kujikuna, ama ile ya pilipili. Dem akisema "inawasha" na ako na uchafu mweupe mzito, daktari atafikiria fangasi. Kama alimaanisha anachomeka akikojoa, hiyo ni story ingine. Usiwache neno hilo peke yake. Sema "nataka kujikuna" ama "inachoma nikikojoa".

Na usishangae ukisema kaadi ukimaanisha mkojo, halafu uulizwe kama umebeba kadi ya kliniki.

Andika kabla utoke home

Chukua simu, fungua mahali pa kuandika, jaza haya kwa Kiswahili:

- Ni wapi hasa: uume, kende, uke, njia ya mkojo ama njia ya haja kubwa. Upande gani?
- Ilianza lini, ghafla ama polepole?
- Kuna nini: uchungu, kujikuna, kuchomeka, kidonda, uvimbe ama usaha? Kama kuna kitu inatoka, rangi gani, na inanuka?
- Umeshameza dawa gani? Hata zile ulinunua kwa kemisti bila karatasi.
- Dem: hedhi ya mwisho ilikuwa lini, na kama unaweza kuwa na mimba. Kama ulitahiriwa, sema pia, na kama mkojo ama damu ya hedhi hutoka kwa shida. Daktari mgeni anaweza kosa kuuliza.

Ukishindwa kutamka, mpatie simu asome. Kuonyesha kwa kidole pia si dhambi.

Nani atafsiri?

Jaribu isiwe abti, mama, bibi ama bwana. Mtu wa familia hukata maneno kwa aibu, na kuna maswali ya mapenzi hutajibu ukweli akiwa hapo. Ukifika, uliza, "Kuna nesi anaongea Kisomali? Nataka mwanaume" ama "mwanamke". Sheria ya Afya ya 2017 inataka uelezwe mambo yako kwa lugha unaelewa, pale inawezekana, na siri yako ilindwe.

Kama hakuna mwingine, mwambie mtafsiri mapema: "Sema vile nimesema, usipunguze." Halafu sikiza urefu. Ukiongea dakika nzima na yeye anasema maneno matatu, simama, urudie kipande kwa kipande. Kabla utoke, mwombe daktari arudie shida yako vile ameielewa, itafsiriwe kwako. Ukisikia "tumbo" na wewe hukuja na tumbo, usitoke hapo.