Tiba kwa Dalili Baada ya Mwanza: Kisonono, Klamidia na Mwanamke wa Nakwa

Agosti 1995 jarida la tiba la Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika vijijini mkoani Mwanza. Jamii 12 zilipangwa katika jozi sita. Katika kila jozi, jamii moja ilipata huduma iliyoboreshwa: wahudumu wa zahanati walifundishwa kutibu magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili, dawa zilifika bila kukatika, wasimamizi walitembelea vituo mara kwa mara, na wananchi walihimizwa kuwahi tiba. Baada ya miaka miwili, maambukizi mapya ya VVU yalikuwa asilimia 1.2 katika jamii zilizohudumiwa hivyo na asilimia 1.9 katika zile nyingine. Tofauti nyingine zikishasawazishwa, upungufu ulifikia takriban asilimia 40. Majaribio yaliyofuata Uganda, Rakai na Masaka, hayakupata punguzo hilo la VVU, na mjadala wa sababu zake ni mrefu. Hata hivyo, tiba kwa dalili ilikwisha kujijengea heshima, na hadi leo ndiyo nguzo ya huduma za zinaa katika zahanati zetu.

Kuna sehemu ya matokeo ya Mwanza iliyosikika kwa sauti ya chini. Kwa wanaume, kutokwa usaha kwenye njia ya mkojo kulipungua kwa karibu nusu. Kwa wajawazito waliopimwa kliniki, kisonono na klamidia havikupungua. Mpango ule ule, wahudumu wale wale, dawa zile zile, lakini jinsia moja ilinufaika na nyingine ikabaki na vimelea vyake. Hoja ya makala hii ni kwamba hilo halikuwa bahati mbaya. Lilitokana na jinsi magonjwa haya yanavyokaa mwilini mwa mwanamke, na mpaka sasa tunalipa gharama yake kwa njia mbili: mirija ya uzazi inayoziba na dawa zinazozidiwa nguvu.

Tuihamishie hoja hii Nakwa, katika mji wa Babati. Babati ni njia panda: barabara itokayo Arusha kwenda Dodoma inakutana hapo na ile ya Singida, na malori na mabasi yanapita usiku na mchana. Tubuni wagonjwa wawili. Wa kwanza ni utingo wa lori aliyelala Babati siku nne zilizopita. Anakojoa kwa maumivu na nguo yake ya ndani ina usaha wa manjano. Mhudumu hahitaji maabara kumhudumia. Usaha wa namna hiyo kwa mwanamume karibu kila mara unatokana na kisonono, klamidia au vyote viwili, na kwa kuwa macho hayawezi kuvitofautisha, anatibiwa vyote kwa pamoja: sindano ya seftriaksoni kwa kisonono, na doksisiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku, siku saba, kwa klamidia. Anapewa na fomu ya mwenza. Hata kama maabara ingekuwa mlango wa pili, kumwambia arudi kesho kuchukua majibu kungekuwa kosa, kwa sababu kesho lori lake litakuwa Singida.

Wa pili ni mama wa miaka 26, muuza mboga, mwenye mume mmoja. Analalamika kutokwa uchafu ukeni, unawasha na kunuka. Hapa ramani ya tiba inaanza kupotea. Uchafu wa ukeni mara nyingi hutokana na mambo matatu: kuvurugika kwa bakteria wa kawaida wa ukeni, fangasi, na trikomonasi. Seftriaksoni na doksisiklini haziponyi hata kimoja kati ya hivyo. Vinahitaji metronidazo au, kwa fangasi, klotrimazo. Kisonono na klamidia haviishi kwenye kuta za uke wa mwanamke mzima. Makazi yao ni shingo ya kizazi, ambako vinaweza kukaa miezi bila kutoa dalili yoyote ya kumfanya mtu apange foleni. Watafiti walipowapima wajawazito wa Mwanza, trikomonasi ilikuwa ya kawaida kuliko kisonono na klamidia kwa mbali.

Hesabu ndogo itaonyesha ukubwa wa tatizo. Tuseme wanawake 100 wanafika na malalamiko kama ya mama huyu, na kumi kati yao wana kisonono au klamidia. Tukiwatibu wote, 90 wamechomwa sindano na kumeza vidonge vya ugonjwa wasiokuwa nao. Baadhi watarudi baada ya wiki mbili uchafu ukiwa umezidi, kwa kuwa doksisiklini imewaua bakteria walinzi na kuwapa fangasi nafasi. Kila mmoja wa hao 90 ametumwa nyumbani na fomu inayomtuhumu mumewe, au yeye mwenyewe, kwa kisonono au klamidia ambavyo havipo. Nimeona ndoa ikiyumba kwa karatasi ya namna hiyo, na sidhani kama kuna anayeziingiza talaka katika takwimu za kituo. Wakati huo huo, wengi wa wanawake walioambukizwa kweli wako sokoni na shambani, hawana uchafu wala muwasho, na hakuna mstari wa mwongozo unaowafikia.

Mkasa unageuka pale malalamiko yanapokuwa maumivu chini ya kitovu. Klamidia au kisonono kikipanda kutoka shingo ya kizazi, kikapita mji wa mimba na kufika kwenye mirija, kinaleta uvimbe ambao wauguzi na wagonjwa wote huuita PID. Ndani ya mrija kuna vinyweleo vidogo mno vinavyolisukuma yai. Mwili unapopambana na vimelea, ndio huo huo unaoviharibu vinyweleo na kuacha makovu yanayobana njia. Yai lililorutubishwa likikwama humo, mimba inatunga nje ya kizazi. Njia ikifunga kabisa, mimba haiji. Westrom na wenzake wa Lund, Uswidi, waliwafuatilia wanawake waliothibitishwa kuwa na PID kwa kuchunguliwa tumboni kwa kamera. Waliougua mara moja, takriban asilimia 8 walikuja kuwa tasa kwa kuziba mirija. Waliougua mara mbili, karibu asilimia 20. Mara tatu, asilimia 40.

Ndiyo maana kwa maumivu kipimo cha kuamua kinapaswa kuwa chepesi. Kwanza mhudumu anauliza kama hedhi imepita siku zake, anapima mimba kwa mkojo, anaangalia kama kuna damu ukeni au tumbo limekaza kama ubao, kwa sababu mimba iliyotunga nje na kidole tumbo havisubiri vidonge. Mgonjwa huyo anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Hayo yakiondolewa, anavaa glavu, anaingiza vidole viwili ukeni na kuisogeza shingo ya kizazi taratibu kulia na kushoto, mkono wa pili ukiwa juu ya tumbo. Mwanamke mwenye PID hujikunja au kuushika mkono wa mhudumu. Maumivu hayo, au yale ya kubonyeza kizazi au pembeni yake, yanatosha kuanza tiba: sindano ya seftriaksoni, doksisiklini siku 14 pamoja na metronidazo siku 14. Arudi baada ya saa 72. Kama homa na maumivu havijapungua, huenda kuna jipu, naye apelekwe mbele. Tutawatibu baadhi wasio na PID, nami nakubali gharama hiyo, kwa kuwa gharama ya kutomtibu mwenye PID ni mrija.

Kwa bahati mbaya, mazoea yetu ni kinyume. Kwenye uchafu, ambako tungepaswa kuwa wabahili, tunamwaga dawa. Kwenye maumivu, ambako tungepaswa kuwa wakarimu, kipimo cha vidole hakifanyiki kwa sababu hakuna kitanda chenye pazia au mhudumu ana haya, mgonjwa anaambiwa ana "UTI sugu", na anaondoka na vidonge vya siku tano. Akirudi mara ya tatu, kilichokuwa sugu ni utambuzi wetu.

Usugu wa dawa wenyewe umeingia kupitia mlango huo huo wa kumwaga dawa. Kisonono kimekwisha kuzishinda salfa, penisilini na tetrasaiklini. Aina zenye uwezo wa kuivunja penisilini ziliripotiwa 1976, baadhi zikihusishwa na Afrika Magharibi. Siprofloksasini, iliyokuwa kidonge kimoja cha bei nafuu, leo haifai: katika sampuli za Kampala, karibu vimelea vyote vinaipinga. Imebaki seftriaksoni, na Shirika la Afya Duniani, lililopendekeza miligramu 250 mwaka 2016, mwaka 2024 lilipandisha dozi hadi gramu moja. Kambodia na Vietnamu zimekwisha kuonyesha aina zinazoistahimili.

Namna kisonono kinavyojifunza ndiyo inayoziunganisha hoja zangu. Kooni mwa watu huishi ndugu zake wasio na madhara, na kimelea hiki hukopa vipande vya vinasaba kutoka kwao kwa urahisi mkubwa. Kwa hiyo dozi aliyopewa mama mwenye fangasi haikugusa kisonono chochote, lakini iliwafunza wale wa kooni, na siku kisonono kitakapofika hapo kitakuta somo limeandaliwa.

Usugu huo hautambuliki kwa macho. Utingo akirudi bado ana usaha, aulizwe kama amekutana tena na mwenza ambaye hakutibiwa, na kama alimaliza vidonge. Usaha mzito ukigeuka ute mwepesi, huenda sindano ilifanya kazi na klamidia ndiyo iliyobaki. Kama hakukutana na mtu na usaha ni ule ule siku ya tano, tunahitaji kuotesha kimelea maabara, na hapo umbali unatuadhibu: kisonono hufa kikikauka au kikipoa, na kutoka Babati hadi maabara ya KCMC Moshi ni zaidi ya kilomita 200. Kipimo cha vinasaba hakihitaji kimelea hai, na mashine zilizoletwa kwa ajili ya kifua kikuu zinaweza kukifanya kwa muda wa saa moja na nusu hivi, kwa kijiti ambacho mwanamke anajipangusa mwenyewe. Lakini kipimo hicho kinasema tu kwamba kisonono au klamidia ipo. Hakisemi ni dawa gani itakiua, na kila kimoja kinagharimu fedha ambazo zahanati haina.

Hivyo mwongozo unaotaja tiba kwa dalili kana kwamba ni kitu kimoja unapaswa kuvunjwa vipande. Usaha wa mwanamume utibiwe papo hapo, na katika vituo vichache vilivyo karibu na maabara, sampuli zake zioteshwe kila mwezi ili tujue seftriaksoni inasimama wapi. Maumivu chini ya kitovu yatibiwe mapema na kwa ukarimu. Uchafu peke yake utibiwe kwa metronidazo na dawa ya fangasi, bila sindano na bila fomu ya mwenza, isipokuwa shingo ya kizazi imechunguzwa na kuonekana ina usaha au mume wake ana dalili. Vipimo vya vinasaba vichache tulivyonavyo viende kwa wajawazito katika hudhurio la kwanza na kwa wasichana walio chini ya miaka 25. Na fomu anayopewa utingo ifuatiliwe kwa simu hadi mwanamke aliyetajwa apatikane na kutibiwa hata kama hana dalili yoyote, kwa sababu katika mji kama Babati hiyo ndiyo njia ya uhakika zaidi ya kumfikia mwenye klamidia kabla haijapanda kwenye mirija.