Mchoro wa ukuaji wa mtoto

Mchoro wa ukuaji ni grafu ya kliniki inayolinganisha uzito na urefu wa mtoto na wa watoto wenye afya wa umri na jinsia yake. Mistari inayotumika sana ilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006, kutokana na watoto wa nchi sita, zikiwemo Ghana na Omani.

Mzazi wa Gisenyi aliyetumiwa picha ya mchoro kwenye simu ahakikishe kwanza kwamba ni wa jinsia ya mwanawe na kwamba umri, ulioandikwa chini, haukukatwa. Mstari wa 15 maana yake watoto 15 kati ya 100 wana uzito mdogo kuliko huo. Si alama za mtihani, na mtoto anayeufuata mwezi hadi mwezi anakua vizuri.

Cha kutazamwa ni mwelekeo. Msichana mwenye kilo 6.4 akiwa na miezi 6 yuko kwenye mstari wa 15. Akifika miezi 9 na kilo 6.6, ameongezeka gramu 200, lakini ameshuka hadi mstari wa 3. Hapo apimwe upya bila nguo nzito, kisha muuguzi aulize kuhusu chakula, kuhara na homa.

Urefu hudanganya zaidi: kabla ya miaka miwili mtoto hupimwa amelala, na goti lililokunjwa humfupisha. Vipimo sahihi vikiendelea kuwa chini ya mstari wa 3, huenda amedumaa. Mpeleke kituo cha afya.